Nakupa Tanga

Mwaka nilipotimiza umri wa miaka 9, mama alinipeleka Pangani nikakae na bibi yangu likizo nzima. Nilifika huko na kiburi cha mtoto wa Dar es Salaam, kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi vitendawili 40 vya kitabu cha shule pamoja na majibu yake, nikaamini kwamba hakuna mzee wa kunitega nikanasa.

Jioni ya kwanza Bibi alikuwa ameketi uani akikuna nazi. Bila kuinua kichwa alisema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia miibani."

"Nanasi!" nilijibu kabla hajafunga kinywa.

"Kwa nini nanasi?"

"Kwa sababu ndilo jibu, Bibi."

"Sikukuuliza jibu, mjukuu wangu. Nakuuliza, huyo kuku katagia wapi, na hiyo miiba iko wapi?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekula mananasi mengi, lakini kwa kuwa niliyaona sokoni tu, nilidhani huning'inia mtini kama maembe. Asubuhi Bibi alinichukua hadi nyuma ya nyumba, akanionyesha mmea mfupi wenye majani marefu yaliyochongoka, kila jani lina meno kando zake, na katikati ya majani hayo tunda limekaa kama yai ndani ya kiota. Nilinyoosha mkono kuligusa, nikachubuka hadi kwenye kiwiko.

"Sasa umejibu," alisema.

Tangu siku hiyo aliweka sharti kwamba jibu lisilo na sababu si jibu. Alinipa yai bichi nilizungushe kiganjani nikitafuta mahali pa kuingilia, ndipo akanitegea "Nyumba yangu haina mlango". Alizima kandili usiku, akaniacha nipapase ukuta upande huu na upande ule, ndipo akasema "Huku ng'o na huko ng'o", nami nikajua giza ni nini. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kile kisemacho "Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana". Jibu lake, mlango, nilikuwa nimelikariri muda mrefu bila kulielewa, maana milango ya kwetu ilikuwa ya ubao mmoja, na mimi sikuona nani anagombana na nani. Mlango wa Bibi ulikuwa wa zamani, wenye mbao mbili. Kila kulipopambazuka ubao mmoja ulisukumwa kulia na mwingine kushoto, ukaegemea ukuta wake kutwa nzima kama mtu aliyenuna, na baada ya sala ya isha mbao hizo zilirudishwa zikakutana bega kwa bega na kutiwa komeo. Nilikaa kizingitini nikizitazama. Nilihisi kwamba aliyekitunga kitendawili kile aliwahi kuketi mahali kama pale, akachoka kuuona mlango kuwa mlango tu.

Somo la maneno lilianza kwa maumivu. Asubuhi moja Bibi aliniambia, "Jikoni kuna kaa. Usiguse." Niliingia nikatazama mafiga, nikakuta majivu yamepoa tangu jana, nikasema moyoni kwamba uzee umemsahaulisha. Palikuwa na kikapu kimefunikwa sakafuni. Nilipokiinua, kaa akanibana kidole kwa gando lake, nikapiga ukelele uliofika kwa jirani.

"Ulisema kaa, Bibi!" nililalamika huku akinifunga kitambaa.

"Nilisema kaa. Je, nilisema kaa la moto? Huo moto umeuwasha wewe mwenyewe."

Kisha alinieleza kwa utulivu jambo ambalo hadi leo naona ndilo ufunguo wa mafumbo yote ya lugha yetu. Neno lenye maana mbili, alisema, hushikwa mkia. Ukisema kaa hili limezima, umemtoa mnyama. Ukisema kaa huyu ana magando, umeutoa moto. Paa hili linavuja, paa huyu anakimbia. Ua hili linanukia, ua huu umefagiliwa. Taa hii inawaka, taa huyu amevuliwa na ana mwiba mkiani. "Kwa hiyo ukitaka kuficha maana," aliendelea, "ficha mkia. Sema tu, nimeona paa, kisha nyamaza, umwache mwenzako achague kati ya nyumba na mwitu." Miaka michache baadaye mwalimu aliandika ngeli ubaoni kwa safu ndefu, na wenzangu wakalalamika kwamba ni ngumu, mimi nilikitazama kidole changu, nikaelewa.

Bibi hakuyachukulia maneno hayo kuwa mchezo wa watoto. Jirani yake alikuwa na desturi ya kuja asubuhi na kuondoka magharibi, na siku moja alibisha hodi akisema, "Leo nimekuja kushinda."

"Kumshinda nani?" aliuliza Bibi.

"Njaa!" alijibu yule mama, akavua viatu.

Walicheka mpaka wakafutana machozi. Mimi niliyekuwa nikichambua mchele pembeni nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilicheka pamoja nao na si baada yao.

Zilipobaki siku 2 nirudi Dar es Salaam, nilianza kutunga changu. Kazi hiyo ilinitaabisha, maana kila nilichokiona kilikuwa na kitendawili chake tayari: yai lina chake, kivuli kina chake, macho yana chake. Nilimfuata Bibi alikokwenda, nikiangalia mikono yake, hadi jioni ya mwisho alipoketi uani mahali pake pale pale, unga mweupe wa nazi ukidondoka kwenye sinia.

"Kitendawili!" nilisema mimi.

Mikono yake ilisimama. "Tega."

"Nina mbuzi hatoi maziwa mpaka nimkalie mgongoni."

Alirudia kukuna taratibu, akifikiri. "Wingu," alijaribu.

"Kwa nini wingu, Bibi?"

Alitabasamu kwa kusikia sharti lake likimrudia. "Hapana, niache kidogo. Mnazi. Mgema hukwea mgongoni mwake, akafika juu, ndipo akapata tembo, nalo ni jeupe kama maziwa."

Lilikuwa jibu zuri, zuri kuliko langu pengine, nami nilisitasita kabla ya kutikisa kichwa. "Umekaribia sana, Bibi, lakini siyo."

Alikaa kimya kitambo. Nazi iliyokuwa mkononi mwake ilikwisha, akachukua kizio kingine, akakikuna hadi nusu, kisha akapumua. "Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Tanga."

"Tanga lipi, Bibi? La jahazi?"

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, akaanza kucheka polepole, kicheko kilichomtikisa mabega. "Chukua mji," alisema, "na tanga la kukufikisha huko vilevile."

"Nimekwenda Tanga, nimekula, nimekunywa, watu wa Tanga wamenisalimu, nao wanauliza habari za Bibi aliyeshindwa," nilisema, kama alivyonifundisha. "Jibu lake ni mbuzi."

"Umetega mbuzi, na jibu ni mbuzi? Mbuzi gani huyo?"

"Si huyo, Bibi. Mbuzi hii."

Bibi aliinamisha kichwa, akatazama alichokalia.