Yah: Nafasi ya Msimamizi wa Ubora, kiwanda cha kubangua korosho, Mtwara

Dada Neema, habari za kazi.

Asante kwa simu yako ya Alhamisi. Uliniomba nikuandikie ili uwe na kitu cha kumpelekea mteja wako, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa hilohilo uliloniuliza wewe: mtu aliyejiajiri tangu 2019, ana wateja wake na anapanga siku zake mwenyewe, anatafuta nini kwenye ajira ya kudumu?

Kwa ufupi, nimechoka kupima korosho na kuondoka. Nataka kubaki nayo mpaka nione imekuwa nini.

Kazi yangu unaijua kwa juu, acha niieleze kidogo. Kuanzia Oktoba, minada ikifunguliwa, naitwa na wanunuzi na vyama vya msingi kupima korosho ghafi kwenye maghala ya Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi. Nachoma magunia kwa bambo juu, katikati na chini ya rundo, nachanganya, nagawa mpaka nipate sampuli ya kilo moja. Nahesabu mbegu, napima unyevu, halafu nakata moja moja na kutenga: kiini kizima safi huku, chenye madoa kule, zilizosinyaa, zilizooza na zisizo na kitu kando. Kiini kizuri kinapimwa, kile chenye kasoro kinahesabiwa nusu. Jumla ikiwa gramu 272, maana yake ni paundi 48 za kiini kwa gunia la kilo 80, na ndiyo namba ambayo mnunuzi anaitazama kabla ya kutaja bei. Nasaini fomu, nalipwa, nahamia ghala lingine. Msimu wa korosho ukiisha nahamia kwenye ufuta wa Lindi, na huko ndiko niliko sasa.

Kazi hiyo naipenda na imenisomeshea wadogo zangu. Lakini inaishia kwenye fomu. Msimu uliopita nilipima shehena moja Tandahimba ambayo magunia ya juu yalikuwa makavu kabisa, na ya katikati yalikuwa na unyevu wa asilimia 13. Nilipokata za katikati nikapata paundi 45. Mbegu zilikuwa na rangi ya kijivu ya kung'aa na zinanata kidogo mkononi, dalili kwamba ziliokotwa na kutiwa gunia bila kukaa juani siku mbili tatu. Nikaandika nilichokiona. Mnunuzi akapunguza bei, mkulima akapata hasara, wakaachana. Hakuna aliyeuliza zile mbegu zimetoka kijiji gani, wala nani angeenda kuzungumza na watu wa huko kuhusu turubai na jua kabla ya mnada unaofuata. Mimi sikuwa na nafasi ya kuuliza, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa wa sampuli tu. Kiwanda kinachonunua korosho yake kwa mwaka mzima kina kila sababu ya kuuliza, na mimi ningependa niwe ndiye anayetumwa kwenda kuuliza.

Jambo la pili lilitokea ndani ya kiwanda, na ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza nawe. Kuna kiwanda kimoja huku Kusini (kisichohusiana na mteja wako) kiliniita kwa mkataba mfupi nitafute kwa nini korosho zinavunjika sana mezani. Wabanguaji walikuwa wanalaumiwa. Nilikaa nao. Kinamama wale wana mikono mizuri, mzigo ndio ulikuwa unawashinda: mbegu kubwa na ndogo zinaingia pamoja kwenye mvuke kwa muda uleule. Ndogo zinaiva kupita kiasi na kiini kinaungua kwa mafuta ya ganda, kubwa zinabaki mbichi ndani na ganda linashikilia kiini, na ukilazimisha kisu kiini kinapasuka. Juu ya hapo zilikuwa zinapelekwa mezani zikiwa bado na joto, wakati ganda linahitaji kupoa na kukauka, usiku mzima kwa kawaida, ndipo livunjike kirahisi. Nikashauri mambo mawili: zichambuliwe kwa ukubwa kabla ya mvuke, kila ukubwa na muda wake, na pasiwe na kubangua mzigo wa siku hiyohiyo. Tukatengeneza jedwali la muda, tukalibandika karibu na boila, na tulipojaribu kwa mzigo mdogo, korosho nzima ziliongezeka kwa jicho tu, hata kabla ya kupima.

Mkataba wangu ukaisha. Msimu uliofuata mmoja wa wale kinamama aliniambia wamerudi kwenye utaratibu wa zamani: aliyekuwa anaendesha boila aliondoka, mpya hakuelekezwa, karatasi ikachanika. Dada Neema, hiyo iliniuma kuliko kukosa malipo. Tofauti ya korosho nzima na iliyovunjika ni tofauti ya bei kubwa sana sokoni. Ukiuza W320, yaani korosho nzima zisizozidi 320 kwa paundi moja, na ukiuza vipande, huuzi bidhaa moja. Fedha hiyo ilikuwa imeshapatikana mkononi, ikapotea kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukaa pale mwaka mzima na kulilinda lile jedwali. Ushauri wa mtu wa kupita una mwisho wake, na mimi nimeufikia.

Mteja wako anaweza kuwa na wasiwasi kwamba mtu aliyezoea kujiamulia hatavumilia kuripoti kila asubuhi, au kwamba Oktoba wanunuzi wakianza kupiga simu atakimbia. Kuhusu la kwanza: kupima ghalani si kujiamulia. Ninafuata utaratibu wa Bodi ya Korosho, nasimamiwa na watu wa pande mbili wenye masilahi tofauti, na kila namba ninayoiandika inaweza kupingwa papo hapo na sampuli ikakatwa upya. Nimezoea kukaguliwa. Kuhusu la pili: nikisaini, kazi za nje zinakoma zote. Siwezi kuwa ninapokea mzigo kwa niaba ya kiwanda huku ninawapimia washindani wake katika minada ileile, na hata mteja wako akiniruhusu, mimi sitafanya. Wateja wangu wawili wakubwa nimeshawadokeza kwamba huenda msimu ujao wasinipate, na nitawaelekeza kwa vijana wawili niliowafundisha kukata sampuli. Niko tayari hilo liandikwe kwenye mkataba.

Sitasema uongo kwamba mshahara hauhusiki. Msimu ukiwa mzuri napata fedha nzuri kuanzia Oktoba hadi Januari, halafu kuanzia Februari nakula nilichoweka, mpaka ufuta uingie. Mvua ikiharibu maua ya mikorosho, au ubwiriunga ukishika kwa sababu salfa imechelewa, mkulima anaumia na mimi naumia naye. Mwanangu anaingia darasa la kwanza mwakani, na ninahitaji kujua Machi itakuwaje kama ninavyojua Novemba. Michango ya NSSF na bima ya afya kwa familia vina uzito kwangu. Uliuliza kiwango: natarajia shilingi 1,600,000 kwa mwezi kabla ya makato, na niko tayari kuzungumza kama kuna nyumba au usafiri wa kwenda vijijini.

Wasifu nimeuambatanisha, kwa hiyo hapa nitagusa kidogo tu. Nina shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula kutoka SUA, Morogoro. Kabla ya kujiajiri nilifanya kazi maabara ya kiwanda cha vyakula Dar es Salaam, nikishughulika na unyevu, kumbukumbu za usafi na ufuatiliaji wa mizigo kuanzia kupokelewa mpaka kupakiwa. Upande wa korosho iliyobanguliwa ninajua kusimamia oveni, kumenya ganda jembamba, kupanga madaraja na kuhakikisha kiini hakizidi unyevu wa asilimia 5 kabla ya kufungwa. Nisichowahi kufanya ni kuongoza watu wengi kwa wakati mmoja. Kikosi changu kikubwa ghalani ni cha watu sita hadi nane, na umeniambia kiwanda kina wafanyakazi wengi zaidi ya hapo. Naomba mteja wako alijue hilo mapema. Kinachonipa moyo ni kwamba wengi wao ni wabanguaji, na lugha yao naijua: nimekulia Newala, na nyumbani kwetu korosho ndiyo ilikuwa ada ya shule.

Kabla hatujafika kwenye usaili, naomba uniulizie mambo mawili, maana majibu yake yatanisaidia kuamua kama nitawafaa kweli. Msimamizi wa ubora anaripoti kwa nani? Akiwa chini ya meneja wa uzalishaji, siku ambayo kontena linasubiriwa bandarini na mzigo haujakauka, uamuzi utakuwa umeshafanywa kabla hajasema neno. Ningependa aripoti kwa meneja mkuu, au angalau awe na mamlaka ya kuzuia mzigo kwa maandishi. La pili, je, kiwanda kinanunua mnadani tu, au kina vyama vya msingi kinavyofanya navyo kazi kwa karibu? Kama kipo tayari kunipa pikipiki na wiki chache Agosti na Septemba kabla mikorosho haijaangusha, nitapita kwenye vijiji vichache kuzungumzia kuokota, kutenganisha na bibo, na kuanika. Korosho iliyoharibikia shambani hakuna boila litakaloitengeneza.

Ratiba yangu ni hii: nina kazi ya ufuta hapa Lindi mpaka mwisho wa Julai, na hiyo nitaimaliza kwa sababu nimeshaahidi. Usaili naweza kuja Mtwara siku yoyote ya Jumatatu au Ijumaa, ambazo kwa kawaida hakuna mnada niliopangiwa. Kuanza kazi naweza tarehe 10 Agosti. Ningeomba sana isisogezwe mbele ya hapo, ili nipate muda wa kupita ghalani, kukagua vipima unyevu na mizani, na kukaa na waendesha boila kabla mzigo mpya haujaingia.

Kama mteja atapenda, kwenye usaili aniwekee kilo moja ya korosho yake ya sasa, kisu na mzani. Nitaikata mbele yake, na tutazungumza kutokana na tutakachokiona.

Waliokubali kuulizwa kunihusu ni katibu wa chama cha msingi kimoja cha Tandahimba na aliyekuwa mkuu wangu maabara. Majina na namba zao yako kwenye wasifu. Simu yangu ni ileile uliyoipiga, ila mchana ghalani mtandao unasumbua, hivyo baada ya saa kumi na moja jioni utanipata kwa uhakika.

Nashukuru kwa muda wako, na nasubiri kusikia kutoka kwako.

Zuhura Mchopa
Lindi