Taarifa kwa wateja: intaneti imekatika Igombe, Kayenze na Kamanga

Jumanne, 18 Machi 2025, saa 10 jioni

Ndugu wateja,

Poleni kwa usumbufu mnaoupata tangu alfajiri ya leo. Igombe, Kayenze na Kamanga bado hakuna intaneti, na tunatarajia irudi kesho Jumatano, kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Kirumba, Kitangiri na Pasiansi ilirudi leo saa 7:30 mchana, ila jioni mtaiona nzito kuliko kawaida hadi kazi yote iishe.

Wengi mmepiga simu mkiuliza kama kifurushi kimeisha au ni umeme wa TANESCO. Si hayo. Saa 9:40 usiku, ile mvua ya radi iliyoingia kutoka ziwani ilipiga mnara wetu wa mlimani Kitangiri. Radi iliunguza swichi na redio tatu: moja inayohudumia mitaa ya karibu na mnara, moja inayotazama Igombe na Kayenze, na moja inayovusha mawasiliano ziwani hadi Kamanga.

Radi hatuwezi kuizuia, lakini hasara hii ingeweza kuwa ndogo. Waya wa shaba unaopeleka radi ardhini, ambao mafundi huuita ethi, ulikatwa na kuibwa. Tuligundua tarehe 5 Machi. Tukaamua kwanza tumalize kuwafungia wateja wapya wa Igombe, ndipo tununue waya mwingine. Uamuzi huo ulikuwa wetu na haukuwa sahihi, maana msimu wa mvua ulikwisha kuanza na kila mkazi wa Mwanza anajua radi za usiku za hili ziwa. Siku kumi na tatu mnara ulikaa bila kinga, na ninyi ndio mmeumia. Tunaomba radhi.

Stoo tulikuwa na swichi moja na redio moja ya masafa mafupi, na ndizo zilizorudisha mitaa ya karibu. Redio za masafa marefu hatukuwa na ya akiba hata moja. Mbili zimenunuliwa leo Dar es Salaam na zinapakiwa kwenye basi la jioni hii. Tutazipokea stendi ya Nyegezi kesho mchana. Waya mpya wa ethi tumeupata hapa mjini na unafungwa kesho asubuhi, kabla redio hazijapanda. Hatutazifunga redio hizo mpya kwenye mnara usio na kinga.

Saa tuliyowaambia inaweza kusogea kwa mambo mawili: basi likichelewa njiani, au mvua ikinyesha jioni. Fundi hapandi mnara uliolowa wala wenye upepo mkali, hata kama simu zinaita mfululizo. Hilo likitokea, kazi itafanyika Alhamisi asubuhi na intaneti itarudi kabla ya saa 6 mchana. Kamanga huenda wakachelewa kidogo kuliko wengine, kwa sababu redio yao lazima ielekezwe taratibu mpaka ikutane sawasawa na ile ya ng'ambo.

Tafadhali msibonyeze kile kitufe kidogo cha nyuma ya ruta kwa kalamu au sindano. Jina na nywila tulizowawekea zitafutika, na hata mnara ukipona nyumbani kwako patabaki kimya hadi fundi aje. Iacheni ruta ikiwaka, itaunganika yenyewe. Kama kuanzia usiku ule kifaa chako hakiwaki taa hata moja, hilo ni tatizo jingine: tupigie tuje tukiangalie bila malipo.

Wateja wa mwezi wa Igombe, Kayenze na Kamanga tutawaongezea siku tatu kwenye vifurushi vyao, na wa Kirumba, Kitangiri na Pasiansi siku moja. Wenye vocha, muda wenu umesimama tangu saa 9:40 usiku na utaendelea pale ulipoishia. Hakuna haja ya kuja kuomba.

Mwenye kazi isiyoweza kusubiri, kama maombi ya chuo, ritani ya kodi au majibu ya zahanati, aje ofisini kwetu Kirumba. Tumetenga meza mbili zenye intaneti, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku, bure kwa mteja wetu yeyote. Wa Kamanga, tunajua nauli ya kivuko ni gharama. Njooni na tiketi, tutaipunguza kwenye malipo yenu ya Aprili.

Kesho tutawatumia ujumbe mfupi wa simu saa 8 mchana kuwaambia kama redio zimefika, na mwingine intaneti ikirudi. Ikipita saa 2 usiku bila huduma, tutawaeleza sababu usiku huohuo. Simu ni ileile iliyo juu ya risiti yako, na usiku wa leo inapokelewa hadi saa 6.

Msimamizi wa ufundi,
Ofisi ya Kirumba, Mwanza