Usajili wa Muuzaji: Hakiki Kabla ya Kutuma

Utambulisho
Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho: Mwanaidi S.
Namba ya NIDA (tarakimu 20): inaishia na 27
Picha ya kitambulisho, mbele na nyuma: zimepokelewa
Picha ya uso: irudiwe. Simama penye mwanga, uso wote uonekane.

Mahali pa biashara
Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga

Akaunti ya malipo
M-Pesa, namba inayoishia na 46. Jina la laini lifanane na la kitambulisho. Laini ya mume au mtoto haikubaliki.

Kundi la bidhaa
Chakula › Viungo › Vizima

Maelezo ya muuzaji
Nauza iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka kwa wakulima wa Amani, Muheza. Sisagi, kwa sababu kiungo kikishasagwa harufu yake hupotea upesi, na mnunuzi hawezi kujua kimechanganywa na nini. Iliki naianika mwenyewe na kuichambua punje kwa punje; zilizopasuka naziweka kando. Pakiti ni za gramu 50 na 100. Mdalasini ni magome, si unga, tafadhali msiuweke kundi la unga.

☑ Nathibitisha taarifa hizi ni zangu na ni za kweli.

[Rudia picha ya uso] [Hifadhi, nitamalizia baadaye]