Tangazo: grupu la Kisima cha Mtaa linafungwa Jumapili 29 Juni

Assalam aleikum, na salamu kwa majirani wote.

Grupu hili lilifunguliwa kwa jambo moja: kuchimba kisima na kuweka pampu na tangi hapa mtaani kwetu Kisauni. Maji yanatoka, fundi ameshalipwa, na hesabu zimepitishwa kikaoni. Zilichangwa shilingi 412,000, zikatumika 405,550. Zile 6,450 zilizosalia amekabidhiwa mweka hazina wa kamati ya maji. Kwa salamu za asubuhi na video za kusambaza, magrupu tunayo ya kutosha.

Jumapili tarehe 29 Juni 2025, saa tatu usiku, grupu litafungwa: watakaoweza kuandika ni maadmini pekee. Halifutwi, wala hatolewi mtu. Anayetaka kutoka na atoke, mazungumzo yatabaki simuni mwake mpaka ayafute mwenyewe. Ukiliweka kwenye "Archive" umelificha tu.

Sasa faili. Wengi wanadhani zimekaa "ndani ya grupu". Hapana, kila mtu ana nakala iliyo simuni mwake, na ukibadilisha simu bila bakapu huna kitu. Risiti ya zamani ambayo hukuwahi kuifungua huenda leo ikakataa kabisa kupakuliwa. Ndiyo maana zote zimehamishiwa folda ya Google Drive. Linki iko kwenye maelezo ya grupu; hatukuibandika juu kama ujumbe, kwa sababu ujumbe uliobandikwa hujiondoa muda wake ukiisha.

Folda ni ya akaunti ya kamati ya maji, si ya mtu binafsi, maana mwenye folda akiifuta, sote tumekosa. Nywila wanayo katibu na mweka hazina. Wengine mtasoma na kupakua tu. Mtakuta hesabu, risiti 37, mkataba wa fundi, majibu ya maabara na dhamana ya pampu, inayoisha Mei 2026. Karatasi yenyewe ya dhamana anayo katibu wa kamati ya maji, kwani duka huenda likakataa picha. Skrini za M-Pesa hatukuziweka, zina majina na namba za watu. Tafadhali nanyi zifuteni simuni mwenu.

Kuna pengo moja. Picha za mabomba kabla ya kufukiwa tunazo chache, na ile kona ya mwembeni, bomba linapokata kushoto kuelekea tangini, hatuna hata moja. Fundi atakayekuja kuziba uvujaji atachimba kwa kubahatisha. Mwenye nayo amtumie katibu kabla ya Jumapili hiyo ya tarehe 29, kwa kuchagua "Document". Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na vipimo havisomeki.

Baada ya hapo, habari za maji zipelekwe kamati ya maji. Pampu ikizima, namba ya kupiga imeandikwa ubavuni mwa tangi.

Katibu, kwa niaba ya maadmini