Ombi la ushuhuda wa wauzaji na uthibitisho wa uwezo wa kifedha kabla ya kusaini mkataba wa usambazaji

Kiwanda cha Mafuta ya Kupikia na Sabuni
Idara ya Mauzo, Jinja

2 Februari 2026

Kwa Haji Swaleh,
Mkurugenzi,
Barabara ya Adumi, Arua

Haji, assalaam alaykum.

KUH: USHUHUDA WA WAUZAJI WENGINE NA HALI YA FEDHA YA KAMPUNI YAKO

Nakushukuru kwa ukarimu wako tulipokuja Arua wiki iliyopita. Ghala tumeliona, magari tumeyaona, na yule kijana wako wa stoo alitujibu kila tulichouliza bila kufungua daftari, halafu daftari lilipofunguliwa hesabu ikawa ile ile. Hilo nimelitaja kwenye ripoti yangu. Rasimu ya mkataba tumeisoma upya, na kwa upande wetu karibu kila kifungu kimekubalika: eneo ni Arua, Maracha, Terego, Koboko na Yumbe, bei ni ile tuliyoafikiana, muda ni miaka miwili.

Kilichobaki ni mali kauli. Rasimu inasema utalipa ndani ya siku 45, na kikomo cha deni ni shilingi milioni 240, yaani malori matatu ya milioni 80. Lakini umeomba lori kila wiki mbili. Ukipokea la kwanza leo, la pili linakuja siku ya 14, la tatu siku ya 28, na la nne siku ya 42, siku tatu kabla ya la kwanza kuiva. Kwa mwendo huo deni litafika milioni 320, na hapo hakuna aliyechelewa hata siku moja. Siwezi kupeleka kiasi hicho mbele ya wakurugenzi wangu nikiwa na sifa zako nilizozisikia sokoni tu, hata kama mimi binafsi naziamini.

Nina sababu nyingine, na ni afadhali uisikie kwangu. Mwaka 2023 tulimpa msambazaji mmoja mzigo wa mkopo kwa barua ya benki iliyosema ni mteja mwema na akaunti yake inaendeshwa vizuri. Barua haikuwa ya uongo. Akaunti ile ilikuwa nzuri kweli, ila ilikuwa moja kati ya tatu, na zile mbili hatukuzijua. Tangu hapo kila msambazaji anayetaka mzigo kwa mkopo anapitia njia hii, awe mgeni au ndugu wa mkurugenzi.

Kwanza tuelewane nani anasaini. Duka lako linajulikana kwa jina lako tangu 2009, lakini mkataba utakuwa na kampuni uliyosajili 2024. Kisheria hao ni watu wawili tofauti. Muuzaji akinishuhudia kwamba Haji amemlipa vizuri kwa miaka 15, amelisifu duka. Kampuni bado ni mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo naomba cheti cha usajili wa kampuni kutoka URSB, fomu namba 20 inayoonyesha wakurugenzi, orodha ya wenye hisa, na azimio la bodi linalokuruhusu kusaini. Halafu tutakuomba wewe mwenyewe uweke saini ya udhamini binafsi kwa deni la kampuni. Najua hili ndilo litakalokukera kuliko yote. Rasimu ya udhamini nitaituma wiki hii ili mwanasheria wako aisome kwa nafasi, na kiwango chake tunaweza kukizungumza.

Kuhusu ushuhuda, naomba wauzaji wanne ambao wamekuuzia mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi. Wawili kati yao wawe wanakupa mali kauli, kwa sababu anayekuuzia kwa fedha taslimu hana cha kunieleza kuhusu ulipaji wako. Mmoja awe wa bidhaa tofauti kabisa na zetu, kwa mfano saruji, sukari au mabati. Na mmoja awe muuzaji mliyeachana naye. Usishtuke, Haji. Watu huachana kwa bei, kwa usafiri, kwa mambo mengi yasiyo na aibu, na mara nyingi huyo ndiye huzungumza bila kupamba. Ukiandika sentensi mbili za upande wako kwa nini mliachana, nitazisoma kabla sijampigia simu. Jamaa wa damu au mtu mwenye hisa kwako asiwemo kwenye hao wanne.

Kipindi ninachotaka kukiulizia hasa ni mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na malori yenye mizigo mizito yakawa yanazungukia Mbale, Soroti na Lira. Usafiri ulipanda, mzigo ulichelewa, na kila mfanyabiashara wa Nile Magharibi alibanwa. Sitegemei kusikia kwamba ulilipa kila ankara siku yake. Nataka kujua kama ulipochelewa ulipiga simu wewe, au muuzaji ndiye alikutafuta.

Kwenye fedha, tunaomba hesabu za miaka miwili ya mwisho zilizokaguliwa. Kama za mwaka wa kwanza wa kampuni hazikukaguliwa, lete zilizoandaliwa na mhasibu wako na useme hivyo wazi. Hatutakukataa kwa hilo. Tunaomba pia taarifa za miezi 12 za akaunti zote za benki, za kampuni na za duka, pamoja na za laini za biashara za MTN na Airtel. Nasisitiza neno zote. Wateja wako wengi hulipa kwa simu, kwa hiyo benki peke yake itakuonyesha mdogo kuliko ulivyo.

Kutoka URA naomba cheti cha kutodaiwa kodi na nakala za ritani za kodi ya ongezeko la thamani za miezi 12 hiyo hiyo. Tutazilinganisha na taarifa za benki na ankara zako za EFRIS. Zisipooana, tutakuuliza kwanza kabla ya kuamua lolote, maana tofauti nyingine zina maelezo ya kawaida: umehamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, au mkopo umeingia ukaonekana kama mauzo. Leseni ya biashara ya 2026 kutoka Jiji la Arua nayo iwemo. Ile niliyoiona ukutani iliisha tarehe 31 Desemba.

Kuna karatasi moja ambayo wasambazaji wengi hawana, na kwangu ina uzito kuliko mizania: orodha ya wanaokudai na unaowadai, ikionyesha deni lina siku ngapi. Uliniambia maduka ya Yumbe na Koboko unayapa mzigo mpaka wauze. Kama wao wanakulipa baada ya siku 60 na sisi tunataka baada ya 45, zile siku 15 zitatoka mfukoni mwako, kila lori, na lazima nione huo mfuko una nini. Hata daftari la mkono lililopigwa picha vizuri linatosha. Onyesha pia ni sehemu gani ya mauzo inavuka mpaka kwenda Kongo na Sudan Kusini na inalipwa kwa fedha gani, kwa kuwa deni letu litabaki kwa shilingi za Uganda.

Sisi wenyewe tutaangalia URSB kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyowekwa kwa sheria ya 2019, tuone kama mzigo wa ghalani au magari yameshawekwa dhamana kwa mkopo mwingine. Kama yamewekwa, tuambie mapema. Mkopo wa benki si dhambi, nasi pia tunao. Kwa ridhaa yako ya maandishi tutapata na ripoti kutoka kwa mojawapo ya ofisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Gharama ni yetu.

Karatasi zako zitaonwa na watu watatu tu: mimi, mhasibu mkuu na mwanasheria. Wauza bidhaa wetu hawatazigusa, na wauzaji utakaowataja hawataambiwa kikomo tunachokusudia kukupa. Tusiposaini, nakala tutazirudisha au kuziharibu na kukuandikia kwamba tumefanya hivyo, kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotutaka tusikae na taarifa za mtu bila sababu. Nawe una haki ya kutuchunguza. Naambatanisha barua za wasambazaji wetu wawili, wa Lira na wa Mbale, waliokubali uwapigie uwaulize kama tunapeleka mzigo kwa wakati na tunavyoshughulikia madumu yanayovuja.

Najua ungependa mzigo uingie kabla ya Ramadhani, na zimebaki kama wiki mbili tu. Uchunguzi huu utachukua siku 10 za kazi tangu karatasi zote zifike, kwa hiyo sitakuahidi mali kauli kabla ya mfungo. Ninachoweza ni hiki: lori la kwanza ulilipe taslimu, kwa bei ile ile ya msambazaji, na lipakiwe siku ya pili baada ya fedha kuingia. Kulinunua hakukufungi kusaini, wala hakutufungi sisi.

Naomba karatasi zinifikie ifikapo Ijumaa tarehe 13 Februari. Zilizo tayari zitume, usisubiri zikamilike zote. Barua ya benki tu, ile utakayoiruhusu kwa Kiambatisho 1, ndiyo isipitie kwako. Meneja aitume moja kwa moja Jinja.

Wasalaam,

Rehema Nabirye
Mkuu wa Mauzo na Mikopo

KIAMBATISHO 1: Ridhaa kwa benki (uisaini na kuipiga muhuri)

Kwa Meneja wa Tawi. Mimi, mkurugenzi wa kampuni yenye akaunti kwenu, naruhusu benki ikieleze kiwanda tajwa cha Jinja: akaunti zetu zote na tarehe zilipofunguliwa, wastani wa salio kwa miezi 12, hundi zilizorudi kwa kukosa fedha, kama zipo, mikopo tuliyonayo, dhamana zake, na kama malipo yanakwenda sawa, na kama, kwa maoni ya benki, tunaweza kubeba deni la kibiashara la shilingi milioni 320 kwa siku 45. Ruhusa hii ni ya mara moja na inakwisha tarehe 31 Machi 2026.

KIAMBATISHO 2: Maswali tutakayowauliza wauzaji wako (uyaone kabla yao)

Umemuuzia tangu lini, na ni duka au ni kampuni unayoiandikia ankara? Unampa siku ngapi, na kwa kawaida analipa siku ya ngapi? Deni kubwa kabisa aliloshika kwako lilikuwa kiasi gani, na lini? Leo anadaiwa kiasi gani, na ni kiasi gani kimepita muda? Amewahi kurudisha mzigo au kubishia ankara, na mlimalizaje? Mwaka 2024 malori yalipozungushwa kwa sababu ya Karuma, malipo yalikwendaje? Umeshika dhamana gani kutoka kwake? Ukiombwa leo kumwongezea kikomo, ungeongeza, ungeacha palipo, au ungepunguza?