Orodha ya begi la dharura, nyumba ya Mtopanga: Machi hadi Septemba 2026

Imekaguliwa Jumapili, 1 Machi 2026, baada ya futari. Nakala moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la ukumbini, nyingine imo kwenye grupu letu la familia. Atakayetoa kitu begini aandike kwa kalamu ametoa nini, hata kama ni betri mbili za rimoti.

Tuko sita: Bibi, Baba, mimi, Salim (miaka 14), Zuhura (8) na Mwinyi (miezi 16). Tunajiandaa kwa mambo mawili hasa. La kwanza ni maji kuingia ndani wakati wa masika, maana kilele chake huku Pwani ni Mei. Tuliyaona mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023, na Mei 2024 tukaambiwa tukae chonjo kwa kimbunga Hidaya. La pili ni moto, ambao haungoji msimu. Mafuriko mara nyingi hukupa saa moja mbili za kujipanga. Moto hukupa dakika, kwa hiyo kila kitu cha lazima kiwe pahali pamoja na kibebeke.

Kubebeka ndiyo sheria ya kwanza. Mtu akishindwa kutembea na begi lake mpaka barabarani akiwa amemshika mtoto mkono, apunguze. Salim ameshapunguzwa mpira na pampu yake.

Maji

Hesabu ni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa kidogo. Watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani kilo 72. Hakuna wa kuzibeba hizo, ndiyo maana tumezigawa:

- Chupa 12 za lita moja, zimefungwa kiwandani: Baba 4, mimi 3, Salim 3, Bibi 1, Zuhura 1. Zinatosha safari na usiku wa kwanza.
- Madumu 3 ya lita 20 nyuma ya mlango wa jikoni, juu ya ubao, yasikae sakafuni. Haya ni ya siku tukizingirwa na maji humu ndani au mfereji ukikauka. Tukipata gari, tunachukua moja.
- Vidonge 20 vya Aquatabs vya miligramu 67. Kimoja kwa dumu la lita 20 la maji meupe, viwili yakiwa na tope baada ya kuyachuja kwa kitambaa. Subiri nusu saa kabla ya kunywa. Kidonge hakiondoi chumvi, kwa hiyo maji ya kisima cha jirani ni ya kuoshea tu.

Madumu yalinunuliwa mapya. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halitaingia kwenye hesabu hii hata likioshwa mara ngapi, na la mafuta ya kupikia hubaki na harufu maji yakikaa. Maji ya mkokoteni yasitiwe humo bila kidonge, hata muuzaji akiapa kwamba ni ya mfereji.

Madumu yanabadilishwa mara nne kwa mwaka, siku za Jumapili: 1 Machi (tayari), 7 Juni, 6 Septemba, 6 Desemba. Maji ya zamani yapigie deki, yasimwagwe. Za chupa zinafuata tarehe ya chupa: zilizopo zinaisha Januari 2027, basi tutazinywa Desemba na kuweka nyingine.

Dawa

Hapa ndipo pa kuangaliwa kuliko pote, kwa sababu tochi ikikosekana tutaazima, lakini dawa ya presha ya Bibi hakuna wa kutuazima usiku.

Bibi ana pakiti ya siku 14: amlodipini na metformini, dozi kama zilivyo kwenye karatasi ya daktari, na nakala ya karatasi hiyo imo ndani ya pakiti. Hizi hazingoji kuharibika. Kila akirudi kliniki, Jumanne ya pili ya mwezi, dawa mpya zinaingia begini na za begini anaanza kuzimeza. Kazi hii ni ya Salim. Bibi humkumbusha yeye, si mimi. Mashine ya kupima sukari imo na vijikaratasi vyake ndani ya chupa yao iliyofungwa, mwisho Oktoba 2026. Tununue vingine Septemba.

Zuhura: inhela ya salbutamol ya akiba pamoja na spesa, mwisho Novemba 2027. Si ile anayoenda nayo shule. Ikitumiwa hata mara moja, iandikwe, maana kuitikisa sikioni hakukwambii dawa iliyobaki. Moshi na unyevu ndivyo vinavyomwamsha usiku, na siku ya dharura vyote viwili vitakuwepo. Kwa hiyo inhela hii imo kwenye mfuko wa mbele wa begi langu, juu kabisa, na barakoa mbili zimekunjwa kando yake.

Mwinyi: parasetamoli ya maji, chupa ambayo haijafunguliwa (Mei 2027), bomba la kupimia, na uzito wake umeandikwa kwenye chupa: kilo 10.2 alipopimwa Februari. Dozi ya mtoto huenda na uzito, kwa hiyo namba hiyo ibadilishwe kila akitoka kupimwa.

Ya wote:

- Pakiti 8 za ORS na vidonge 10 vya zinki vya miligramu 20, mwisho Agosti 2027. Pakiti ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala pungufu. Zikiisha: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya kulundika.
- Gozi, bandeji 2, plasta, glavu jozi 4, mkasi, kibanio, dawa ya kusafishia kidonda (Machi 2028).
- Mafuta ya kufukuza mbu (Desemba 2026). Baada ya mafuriko ndio wanaobaki.

Antibiotiki za kubahatisha hazimo na hazitaingia.

Dawa zetu nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Juu ya kabati, chini ya mabati, mwezi kama huu wa kaskazi, ni joto kupita hapo. Begi la dawa linaning'inia kwenye msumari wa ukumbini, kimo cha bega, upande usiopigwa na jua. Lisihamishwe hata wageni wakija.

Makaratasi

Asili zote ziko kwenye bahasha moja ya nailoni yenye zipu, rafu ya juu ya kabati la ukumbini. Anayebeba begi la Baba ndiye anayeichukua. Begini kuna nakala tu, ndani ya nailoni mbili, kwa mpangilio huu:

- Vitambulisho vya watu wazima watatu, mbele na nyuma. Pasipoti ya Baba (mwisho Julai 2029).
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, na kijitabu cha kliniki cha Mwinyi, kurasa za chanjo.
- Cheti chetu cha ndoa cha kwa Kadhi.
- Namba za SHA, NSSF na KRA, karatasi moja.
- Mkataba wa nyumba na risiti ya kodi ya karibuni. Logibuku ya pikipiki na bima yake.
- Cheti cha KCSE cha Baba na changu, na ripoti za mwisho za shule za watoto.
- Picha moja ya sisi sote ya kuchapishwa, ya mwaka huu. Mtoto akipotea, picha huokoa maelezo mengi.

Nakala si mbadala wa asili, lakini ukienda polisi kuchukua abstrakti ya kitambulisho kilichopotea, kuwa na namba yake mkononi ni nusu ya safari. Seti ya pili iko Voi kwa mjomba, mbali na maji yetu. Ya tatu ni picha kwenye flashi yenye neno la siri. Namba za siri za M-Pesa na benki zisiandikwe popote ndani ya begi.

Nakala zinahakikiwa Machi na Septemba. Bima ya pikipiki inaisha 30 Juni, kwa hiyo hiyo ibadilishwe 1 Julai bila kungoja Septemba.

Chakula, nguo na vinginevyo

Tende kilo moja (Februari 2027), biskuti, njugu za kukaanga, makopo 4 ya maharage ya kufungua kwa kidole, unga wa uji wa Mwinyi gramu 500 (Septemba 2026, utumike Agosti). Tende za futari ni za futari, hizi ziacheni.

Kila mtu nguo seti moja na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu ndara hubaki kwenye tope. Leso nne: za kumbebea mtoto, kujifunika, kusitiri anayebadilisha nguo, hata kufungia mkono ulioteguka. Pedi, nepi 15 (Mwinyi akipanda saizi, zibadilishwe), sabuni, mifuko ya taka, filimbi kwa kila mtoto.

Tochi mbili, betri zimetolewa nje zisije zikavuja humo. Redio ndogo ya Pwani FM na Radio Rahma. Pawabenki inachajiwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Taslimu shilingi 3,000 kwa noti za 50, 100 na 200: mtandao ukianguka, hata wakala wa M-Pesa hana la kukusaidia, na kondakta wa matatu hatakuwa na chenji ya elfu.

Kabla ya kutoka, na tunakokwenda

Baba au Salim azime swichi kubwa ya stima, ila akiwa amesimama pakavu. Maji yakishafika hapo, isiguswe. Mimi nafunga mtungi wa gesi. Ikiwa ni moto, acheni vyote viwili na mtoke, hata begi kama haliko njiani.

Kwanza tunakutana kwenye uwanja wa msikiti. Tukikosana hapo, ni Kiembeni kwa shangazi, tusikohitaji kuvuka daraja. Baba akiwa zamu bandarini asijaribu kupita Nyali kutufuata. Aende kwa ami yake Changamwe, atume ujumbe mfupi, ambao mara nyingi hupenya simu zikigoma.

Namba hizi ziko pia kwenye kadi ndani ya mikoba ya shule, pamoja na za shangazi, ami na mjomba: 999 au 112 polisi na dharura, 1199 Msalaba Mwekundu.

Tarehe za kubadilisha, kwa mfuatano

- Jumanne ya pili ya kila mwezi: dawa za Bibi (Salim)
- Jumapili ya kwanza ya kila mwezi: pawabenki (Zuhura)
- 7 Juni: madumu
- 1 Julai: nakala ya bima (Baba)
- 2 Agosti: unga wa uji
- 6 Septemba: begi zima kabla ya vuli, madumu, nakala, vijikaratasi vya sukari, saizi za nguo na viatu
- 6 Desemba: madumu, chupa za maji, mafuta ya mbu
- Januari 2027: tende
- Aprili 2027: parasetamoli ya Mwinyi
- Julai 2027: ORS na zinki
- Oktoba 2027: inhela ya Zuhura