Zoezi la Vekta: Kokotoa, Kisha Chora Njia

Andaa karatasi ya miraba, penseli na rula. Katika vekta (x, y), x ni hatua za kulia na y ni hatua za juu. Alama ya kutoa inageuza mwelekeo. Tukiandika AB, tunamaanisha safari kutoka A hadi B. BA ni safari ya kurudi, kwa hiyo BA = −AB.

Karatasi hii haina majibu. Kila jibu utalihakiki mwenyewe kwa kuchora: mshale wa pili unaanzia pale wa kwanza ulipoishia. Hapa ndipo wengi huteleza, maana huanzisha mishale yote miwili kwenye O, kisha hushangaa kwa nini mchoro haukubaliani na hesabu.

Mfano
a = (3, 1), b = (−1, 2). Tafuta 2a + b.
2a = (6, 2), kwa hiyo 2a + b = (6 − 1, 2 + 2) = (5, 4).
Mchoro: anza O, nenda kulia 6 na juu 2. Ulipo sasa, rudi kushoto 1, panda 2. Umefika (5, 4). Mshale wa moja kwa moja kutoka O hadi hapo ndio 2a + b.

Sehemu ya 1 (tumia a na b za mfano)
1. Tafuta a + b na b + a. Chora njia zote mbili kutoka O. Zinafanya umbo gani?
2. Tafuta a − b. Kabla ya kuchora, geuza kichwa cha b.
3. Tafuta 2a + 3b.
4. Tafuta k na m ili ka + mb = (7, 0). Njia yako ikiishia juu au chini ya mstari wa mlalo unaopita O, rudia hesabu.

Sehemu ya 2
A(1, 2), B(5, 4), C(7, 0).
5. Andika AB, BC na AC. Ukipata AB = (−4, −2), umetoa kinyume: ni mwisho kutoa mwanzo.
6. Jumlisha AB + BC + CA. Fuata njia kwa kidole, umeishia wapi?
7. M ni nukta ya kati ya AB, N ya BC. Tafuta MN, kisha ulinganishe na AC kwa urefu na mwelekeo.

Sehemu ya 3
Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, lipe muda. OABC ni msambamba, OA = a, OC = c (hizi ni vekta mpya). M ni nukta ya kati ya AB. X iko kwenye AC, na AX = ⅓AC.
8. Andika AC, OM na OX kwa kutumia a na c. Kwa OX, pitia A kwanza.
9. Onyesha kuwa OX ni skala mara OM. Hiyo inasema nini kuhusu O, X na M?
10. Hakiki kwa a = (3, 6), c = (6, 0): chora msambamba, weka alama M na X, kisha laza rula kutoka O hadi M.